SOMO: Kumwomba wakala aunganishe mizigo midogo ya meli

Naliandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hili. Linamhusu mwenye mizigo kwa wauzaji watatu au wanne, hakuna unaojaza kontena, naye anataka wakala aipokee ghalani, aiunganishe na kuisafirisha pamoja.

1. Chukua kwa kila muuzaji idadi ya katoni, vipimo vyake na uzito ukiwa umeshafungashwa.

2. Mwandikie wakala ujumbe mmoja wenye mizigo yote na tarehe ambayo kila mmoja utakuwa tayari.

3. Ratiba. Hapa ndipo nilipoumia. Niliuliza "meli inaondoka lini?" nikajibiwa tarehe 20. Wauzaji wawili waliwahi, wa tatu akafikisha mzigo tarehe 17, nami nikalala usingizi mnono. Kumbe ghala lilifunga kupokea tarehe 14, kwa sababu kontena lazima lipakiwe, lipimwe uzito na lifike bandarini kabla ya meli. Mzigo wa tatu ukabaki, ukaja peke yake baadaye, na ada zote za hati nikazilipa upya. Wakala hakunidanganya, nilichouliza ndicho alichojibu.

Kwa hiyo usitosheke na ile ETD ya kwenye ratiba, yaani tarehe ya meli kuondoka, ambayo nayo ni makadirio tu. Mimi sasa naandika hivi:

"Naomba uthibitishe kwa maandishi: siku na saa ya mwisho ghala kupokea mzigo, tarehe ya meli kuondoka na kufika, kama kontena litahamishiwa meli nyingine njiani, na meli inayofuata ni lini. Mzigo mmoja ukichelewa, pakia iliyopo, usisubiri, ila nijulishe kwanza."

Sentensi ya mwisho usiiache. Usiposema, wakala ataamua mwenyewe, na akiamua kusubiri, ghala linaweza kuwatoza wote.

4. Gharama. Kwa mzigo wa kuchangia kontena, kawaida tani moja huhesabiwa sawa na mita moja ya ujazo, na unalipia iliyo kubwa. Tuseme mko watatu: nguo mita 4, kilo 900; vigae mita 2, kilo 3,200; viti mita 6, kilo 1,500. Kila mmoja akisafirisha kwa hati yake, nguo zinalipia 4, vigae 3.2 (uzito umeshinda), viti 6. Jumla 13.2. Mkiingia kwenye hati moja ya shehena, ujazo wote ni 12 na uzito wote tani 5.6, basi mnalipia 12. Uzito wa vigae umemezwa na wepesi wa viti.

Sasa mnagawanaje? Mkigawana kwa ujazo, mwenye vigae analipia 2 badala ya 3.2, faida yote anaibeba yeye. Gawaneni kwa uwiano wa ambacho kila mmoja angelipa peke yake. Kwa mfano bei ikiwa dola 100 kwa mita, bili ni 1,200: nguo 364, vigae 291, viti 545. Kila mtu kapata nafuu.

Mwombe wakala atenganishe pia gharama za upande wa kufikia. Nauli ya chini mara nyingi hulipiziwa huko.

5. Soma rasimu ya hati ya shehena kabla haijatolewa.

MASWALI

Kasuku: Mkuu, kilo moja bei gani?
— Soma namba 4.

Kasuku: Nimesoma, sijaona bei.
— Sijaiweka kwa sababu hiyo ni bei ya wakala wako, si yangu.

Nanga: Asante kwa somo. Je, hati ikiwa moja na mzigo mmoja ukashikwa forodhani, wengine tunatoka?
— Swali zuri, nalo nilipaswa kuliweka juu. Hamtoki kirahisi. Hati moja ina mpokeaji mmoja, na kwa kawaida tamko la forodha ni moja, kwa hiyo vigae visivyo na kibali vitashikilia na nguo. Ndiyo maana hati moja naipendekeza kwa mtu mmoja mwenye wauzaji wengi, au kwa watu wanaoaminiana na wameshaoneshana ankara. Vinginevyo kila mtu awe na hati yake, mlipie hiyo 13.2. Hata hapo kontena lenyewe likishikiliwa kwa ukaguzi, wote mtasubiri.

Tanga Bovu: Wewe unapigia debe mawakala tu. Mimi nilipimiwa mita 3, ghala likasema 3.6.
— Debe gani, ndugu? Je, katoni zilikuwa juu ya pareti?

Tanga Bovu: Ndiyo, muuzaji aliweka.
— Pareti inapimwa pamoja na mzigo, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Muulize muuzaji kabla.

Nanga: Mimi huomba ghala picha za katoni zikiwa na futi ya kupimia. Tangu hapo ubishi umepungua.
— Hii naiiba. Ongeza na alama ya jina lako pande mbili za kila katoni. Ya upande mmoja hugeuzwa ukutani.