Hotuba ya miaka 80 ya mama kwa vitu vitatu vya nyumbani: hatua kwa hatua

Mama alipokaribia kutimiza miaka 80, ndugu zangu walinikabidhi mimi kazi ya kusema siku ya sherehe. Nilishawasaidia jamaa kadhaa kuandika hotuba za namna hii, nikadhani yangu nitaimaliza jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na zaidi ya nusu ya muda huo iliishia kwenye hatua ya tatu. Ndiyo maana hatua hiyo nimeieleza kwa kirefu kuliko zote.

Njia yenyewe ni hii: unachukua vitu vitatu kutoka nyumbani kwa mzazi, na kwa kila kitu unasimulia tukio moja. Habari za kuzaliwa, kusoma, kuolewa na kustaafu waliohudhuria wanazijua. Kitu kimoja peke yake hakitoshi kwa maisha marefu hivyo, na ukifika cha nne wageni wanaanza kuhesabu vilivyobaki mezani.

Hatua ya 1: Pita chumba kwa chumba na daftari

Andika vitu kumi hadi kumi na tano bila kuwaza visa vyake. Angalia vilivyochakaa kwa mkono: mpini uliong'aa, rangi iliyobanduka mahali pamoja, kamba iliyofungwa upya. Picha za fremu na zawadi za kabatini ziache. Hizo mzazi alizitazama tu, hakuzitumia.

Hatua ya 2: Chuja hadi vitatu

Jiulize mzazi alikifanyia nini kitu hicho, siku gani, na nani alikuwapo. Ukikosa jibu, kiondoe hata kama unakipenda. Halafu chagua vitatu vinavyomwonyesha kwa pande tofauti. Mimi hutaka kimoja ambacho watoto wote wanakijua, kimoja kinachojulikana na waliolala nyumba ile tu, na kimoja cha kabla hajawa mzazi. Hicho cha mwisho ndicho hotuba nyingi hazina, kwa sababu sisi watoto tunadhani maisha yake yalianza tulipozaliwa.

Vyangu vilikuwa kigoda chenye mguu uliofungwa waya, saa ya mezani ya kutia ufunguo, na kengele ya baiskeli ambayo baiskeli yake hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Kitu kinachogusa ugomvi ambao haujaisha, kama cha urithi au cha ndoa iliyovunjika, usikilete kabisa.

Hatua ya 3: Hakikisha kisa ni cha kweli

Hapa ndipo nilipokwama. Kuhusu ile kengele, nilikua nikiambiwa kwamba Mama aliuza baiskeli yake ili alipie ada yetu ya shule. Nilikiandika hivyo, kikatoka vizuri sana, nikakisoma kwa sauti nikatokwa machozi. Siku kumi kabla ya sherehe nilimpigia simu mama mdogo kumuuliza tu baiskeli ilikuwa ya rangi gani. Akasema, "Ya kijani. Lakini wewe ulikuwa hujazaliwa, hata dada yako." Nikachukua karatasi, nikaandika umri wa Mama pembeni ya kila tukio. Baiskeli iliuzwa akiwa na miaka 24. Mtoto wa kwanza alimzaa akiwa na miaka 26. Kisa chetu kisingewezekana.

Kilichotokea ni kwamba aliiuza ili alipie masomo yake mwenyewe ya ukunga. Nililazimika kufuta theluthi nzima ya hotuba. Lakini fikiria ningesimama mbele ya watu wote, na mwenye baiskeli ameketi pale mbele, nimsimulie maisha yake kwa makosa. Ama angenisahihisha hadharani, ama angenyamaza kwa kunihurumia, na hilo la pili ndilo lingeniuma zaidi.

Tangu hapo huwa nafanya hivi. Kwanza naandika miaka na umri pembeni, kama nilivyoeleza. Visa vya familia huelekea upande mmoja: kila alichokiacha mzazi tunasema alikiacha kwa ajili yetu. Hesabu ya umri huonyesha haraka pale tulipojiingiza mahali ambapo hatukuwapo.

Pili, nauliza watu wawili, kila mmoja peke yake: mmoja wa rika la mzazi na mmoja wa watoto wakubwa. Usiwaulize kwenye kundi la familia la simu, wala sebuleni mkiwa wote. Wa kwanza kusema atawavuta wengine, na utapata kumbukumbu moja iliyorudiwa na watu watano.

Tatu, mzazi mwenyewe namuuliza swali dogo lenye jibu dogo. Ukimwambia, "Nisimulie habari za saa hii," atakujibu kwamba ni saa tu. Saa yetu ilikuwa mbele kwa dakika kumi miaka yote, nasi tuliamini ni mbovu. Niliiweka kati yetu, mikono yake ikiwa na kazi nyingine, nikauliza, "Mama, saa hii ilianza lini kwenda mbele?" Nikanyamaza. Baada ya muda akasema, "Haikuanza. Niliisogeza mimi. Dakika kumi zile zilikuwa zangu." Alikuwa akitoka kwenda zamu ya usiku, na kabla ya kuondoka alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu bila kufungwa kamba, peke yake. Sisi ndani tulidhani ameshakwenda.

Maneno kama hayo usiyaamini kichwani mwako. Muombe ruhusa, urekodi kwa simu, kisha uyaandike yalivyo. Nilipoyakumbuka bila kurekodi nilikuwa tayari nimeyafanya "zilikuwa muda wangu wa kupumzika", na utamu wote umekwisha.

Nne, muombe idhini. Wengi hawapendi, wanataka mzazi ashtukizwe. Mimi nashikilia kwamba kinachomshtua vizuri ni kukiona kile kitu kikinyanyuliwa mbele yake. Kusikia siri yake ikitangazwa kwenye kipaza sauti ni jambo jingine. Nilimuuliza Mama kama naweza kulisema hili la baiskeli mbele za watu. Akakubali, isipokuwa sehemu moja aliyoniomba nisiitaje, nami nikaiacha. Kaka yangu naye nilimuomba, kwa kuwa ndiye aliyevunja mguu wa kigoda.

Ikiwa kumbukumbu za mzazi zimeanza kupotea, usimhoji. Tegemea yale ambayo watu wawili wanakubaliana, na mbele ya watu sema, "Sisi watoto tunakumbuka hivi." Usithubutu kumuuliza kwenye kipaza sauti, "Unakumbuka, Mama?" Ukumbi mzima utageuka kumsubiri.

Hatua ya 4: Andika, kisha ufute maelezo

Anza na kitu kinachojulikana na wengi, maliza na kisichojulikana. Kila kitu kipate tukio moja lenye mahali, mwili na kauli. Sehemu yangu ya kigoda mwanzoni iliishia hivi: "Na kama kigoda hiki, Mama alitubeba sote, akavunjika lakini hakuanguka." Nikaikata. Mtu hafanani na kigoda, na kila aliyeko pale ameshasikia mfano wa namna hiyo. Kilichobaki ni hiki:

"Kaka aliruka juu yake, mguu ukavunjika. Akauficha chini ya kitanda. Asubuhi tulimkuta Mama uani amekipindua kigoda magotini, anazungusha waya kwa koleo. Hakuuliza nani. Alimwita Kaka akamwambia, 'Shika hapa, nikaze.' Waya wenyewe ni huu."

Kisha unanyamaza, unakiweka kigoda mezani. Ukiona umeandika "hii inatuonyesha kwamba", futa sentensi yote.

Mimi husoma kama maneno 100 kwa dakika, polepole kidogo kuliko ninavyozungumza. Maneno 700 yananipa dakika saba, ongeza moja ya kunyanyua vitu na ya watu kucheka. Usizidi hapo. Jipime kwa kusoma kwa sauti ukiwa umesimama, kwa sababu kusoma kimya kutakudanganya.

Hatua ya 5: Chapa kwenye karatasi

Herufi ukubwa wa 16 au 18, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, zisibanwe pini. Simu usiitumie. Kioo huzima katikati ya sentensi, na kidole kikiteleza unapotea.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Una mikono miwili, nawe una kipaza sauti, karatasi na kitu cha kunyanyua. Omba stendi ya maiki na meza ndogo, vitu viwe mezani vimefunikwa kitambaa. Ukikosa stendi, mtu mwingine anyanyue vitu. Kisichobebeka, piga picha uichape kubwa.

Nyanyua kwanza, hesabu hadi tatu kimya, ndipo useme. Ukisema huku unanyanyua, macho yanafuata kitu na masikio hayasikii. Walio nyuma hawataona kitu kidogo kama kengele, kwa hiyo kieleze kwa sentensi moja: ukubwa wa ngumi, kutu ukingoni, kidude kinachosukumwa kwa dole gumba.

Mweke mzazi hatua mbili au tatu kutoka ulipo, aone midomo yako, na umwelekee yeye zaidi ya ukumbi. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na herufi kama s na f zinamezwa. Usipaze sauti, punguza mwendo. Spika isiwe nyuma ya kichwa chake. Jaribu haya kabla wageni hawajafika.

Sauti nyembamba ilinihusu moja kwa moja, kwa sababu kengele ndiyo hiyo. Nilipoijaribu nyumbani nikiwa upande wa pili wa chumba, Mama hakugeuka. Hivyo nilipofika mwisho wa hotuba sikuipiga mwenyewe. Nilisema, "Mama aliuza baiskeli ya kijani akiwa na miaka 24, akawa mkunga. Kengele aliifungua kwanza." Nikaenda nikamwekea kiganjani. Aliigeuza, akaipata ile sehemu ya dole gumba bila kuangalia, akaipiga mara mbili.

Sikuwa na sentensi baada ya hapo, nawe usiwe nayo. Niliketi.

Kesho yake rudisha kila kitu mahali ulipokitoa. Saa niliirudisha juu ya kabati lake, ikiwa bado mbele kwa dakika kumi. Mpwa wangu alitaka kuirekebisha, Mama akamzuia mkono.