Jinsi ya kumjibu mwombaji anayetaka mshahara mkubwa kuliko daraja la nafasi

Tuseme uko Dar es Salaam na unaajiri mhasibu. Daraja la nafasi ni shilingi 1,800,000 hadi 2,400,000 kwa mwezi kabla ya makato. Umempata unayemtaka, umempa ofa ya 2,400,000, naye kaandika: "Nashukuru sana, ila naomba tufikie 2,800,000." Bajeti imefungwa, na wahasibu wawili wa daraja hilohilo tayari wako kazini. Ukimpa yeye 2,800,000, wale wawili watajua kabla mwezi haujaisha.

1. Mpigie simu kabla ya kuandika.
Muulize 400,000 hiyo inakwenda kuziba nini. Usimuulize kwa namna itakayomfanya ajitetee. Sema tu, "Dada, nisaidie kuelewa, hiyo nyongeza umeipigia hesabu vipi?" Huyu wetu anasema anakaa Bunju na ofisi iko Posta, kwa hiyo mafuta ya gari yanamla kama 15,000 kwa siku. Bima ya watoto wake wawili anailipia mwenyewe, wastani wa 80,000 kwa mwezi. Tena amebakiza mitihani ya mwisho ya CPA. Sasa una vitu vitatu vya kufanyia kazi.

2. Piga hesabu ya kinachofika mkononi.
Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwenye 400,000, NSSF inachukua asilimia 10 ya mfanyakazi, yaani 40,000. Inabaki 360,000. Kwa Tanzania Bara, kipato kinachozidi 1,000,000 kwa mwezi kinakatwa PAYE ya asilimia 30, hivyo inatoka 108,000 nyingine. Kinachofika mkononi ni 252,000. Kama bado analipa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara inakatwa pia, na mkononi inabaki 192,000. Pengo unalopaswa kuliziba ni hilo, si 400,000.

3. Chagua stahiki zinazogusa alichokutajia.
Siku mbili za kufanyia kazi nyumbani kila wiki ni takriban siku 8 kwa mwezi, na kwake hiyo ni 120,000 ya mafuta, mbali na saa za foleni. Kisha angalia bima yenu ya afya. Kampuni nyingi tayari zinamkatia mfanyakazi pamoja na mwenza na watoto, lakini barua ya ofa inasema "bima ya afya" tu, mwombaji anadhani ni yake peke yake. Kama watoto wamo, 80,000 yake imerudi. Ila usimbunie yeye peke yake bima ya familia: msamaha wa kodi kwenye matibabu unataka huduma itolewe kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi.

Hapo umefika 200,000 kati ya 252,000. Ongeza ada za mitihani yake ya CPA, na siku 5 za kazi juu ya likizo ya kisheria ya siku 28, ambazo zinahesabu na wikiendi.

Kitu kimoja nakusihi sana: usimpe "posho ya usafiri" ya kila mwezi. Hiyo ni nyongeza ya mshahara iliyobadilishwa jina. Inaingia kwenye PAYE, na wenzake watakuja kuidai kwa haki kabisa.

4. Andika jibu.

> Habari za kazi, Bi. …,
>
> Asante kwa kutueleza wazi unachotarajia. Mshahara wa nafasi hii unaishia 2,400,000, na hapo ndipo tulipokuweka tangu mwanzo. Hatutaweza kuvuka hapo, kwa sababu wahasibu wote wa daraja hili wanalipwa ndani ya kiwango hicho.
>
> Tunachoweza kuongeza ni hiki: utafanyia kazi nyumbani Jumanne na Alhamisi, tutalipa ada zako za mitihani ya CPA iliyobaki, na utapata siku 5 za likizo zaidi kila mwaka. Pia bima yetu inawahusu mwenza na watoto, jambo ambalo ofa ya kwanza haikulieleza.
>
> Yote yataandikwa kwenye mkataba. Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Ukipenda tuzungumze kwanza, nipigie.

Angalia kwamba "hatutaweza" imesemwa mara moja, na sababu yake ikafuata. Ukiandika "kwa sasa ni vigumu kidogo", umemwambia aendelee kusukuma. Na usimpigie hesabu ya 200,000 ndani ya barua. Huyu ni mhasibu, ataipiga mwenyewe. Akikuuliza kwa simu, mpe.

5. Akirudi na 2,600,000.
Usiongeze stahiki nyingine, maana atajifunza kwamba kila akiomba kinatoka kitu. Rudia ofa ileile kwa upole. Akiuliza lini mshahara utaangaliwa upya, mtajie tarehe na kipimo, kwa mfano akishafaulu CPA na kuingia daraja la juu, tena baada ya meneja wa fedha kukubali kwa maandishi. "Tutaangalia baada ya majaribio" usiiandike. Meneja akihama, ahadi hiyo haina mwenyewe.

Kama ana ofa halisi ya 2,800,000 kwingine na ana ada za shule za kulipa mwezi huu, muache aende kwa heshima, na umpigie mwombaji wa pili siku hiyohiyo.