Mgonjwa kaanguka foleni: anza na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha damu

Chukulia uko mapokezi ya wagonjwa wa nje, Kigoma. Dada wa miaka 25 hivi anateleza kwenye benchi na kulala sakafuni. Ndugu wanasema ni malaria. Waache waseme, wewe piga magoti.

1. Mwite. Mtikise mabega: "Dada, unanisikia?" Anaguna tu. Ita msaada papo hapo, na utaje unachotaka: oksijeni, troli ya dharura, mtu wa pili.

2. Njia ya hewa. Tega sikio. Anakoroma, na mkoromo wa aliyezimia ni ulimi ulioangukia nyuma ukaziba koo. (Ungesikia maji yakigugumia, ungemgeuza ubavu na kunyonya matapishi kwa sakshoni.) Weka kiganja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, si kwenye nyama laini, kisha inua. Angekuwa ameanguka kutoka juu ya mchikichi, usingekunja shingo. Ungesukuma pembe za taya mbele kwa mikono miwili. Mkoromo umekata. Mwenzako aendelee kushika hapo hapo, maana ukiachia, ulimi unarudi.

3. Pumzi. Weka shavu karibu na mdomo wake, macho kifuani, isizidi sekunde 10. Kutweta kwa nadra kama samaki nchi kavu usikuhesabu kuwa ni kupumua. Huyu anapumua mara 28 kwa dakika, pande zote mbili za kifua zinapanda sawa. Mpe oksijeni kwa barakoa. Kipimo cha kidoleni hakisomi. Usikilaumu kifaa, shika mkono wake. Ni wa baridi.

4. Mzunguko wa damu. Papasa mshipa wa shingo, pembeni mwa koromeo, pia isizidi sekunde 10. Usingeupata, naye hapumui, ungeanza kukandamiza kifua: mara 30, pumzi 2. Upo, lakini mwembamba, 128 kwa dakika. Bana ncha ya kidole sekunde 5 kisha achia: rangi inarudi baada ya sekunde 4, wakati haipaswi kuzidi 2. Presha 96/70.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hushusha pumzi, wakidhani presha hiyo inatosha. Kijana anaweza kupoteza damu nyingi mishipa ikijibana na kuishikilia presha, halafu ikaporomoka ghafla. Mapigo na kidole vimeshakwambia. Funua kope la chini: jeupe. Tumbo limekaza. Muulize mumewe siku zake. Anasema zimepita wiki saba.

Sasa fikiria mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka. Weka kanula mbili nene, namba 16 au 14, chukua damu ya kupima kundi na kuoanisha, pima sukari na mimba, anza dripu, mwite daktari wa zamu ukimtajia namba hizo zote. Kipimo cha malaria kifanyike pia, ila kikitoka chanya kisikuondoe kwenye tumbo lile.

Dripu ikianza kutiririka, rudi hatua ya 2: bado hewa inapita?