Somo: Kukokotoa VaR kwa uigaji wa kihistoria, na sababu ya jibu lake kutofautiana na la njia ya mtawanyiko wa kawaida

VaR, yaani thamani iliyo hatarini, ni kiasi cha hasara ambacho hatutarajii kukivuka isipokuwa katika siku chache tulizozikubali tangu mwanzo: siku moja katika mia ikiwa kiwango cha uhakika ni asilimia 99, au siku tano katika mia ikiwa ni asilimia 95. Kiasi hicho hutafutwa kwa njia mbili zinazotumika sana. Nitazipitisha zote mbili katika takwimu zilezile ili tofauti yao ionekane kwa macho.

Tuchukue mfuko wa dola 1,000,000 uliowekezwa wote katika hisa za faharisi ya S&P 500 ya Marekani, nasi tuko mwisho wa Desemba 2020. Nimeuchagua mwaka huo kwa makusudi, kwa kuwa ndani yake mna wiki za utulivu mkubwa na pia mna Machi, mwezi ambao soko lilitikiswa na janga la korona.

Hatua ya kwanza ni kupanga bei za kufunga soko katika safu ya B, kuanzia ile ya tarehe 31 Desemba 2019, kisha kukokotoa badiliko la kila siku katika safu ya C. Bei 254 zitakupa mabadiliko 253.

```
C3:  =B3/B2-1
```

Hatua ya pili ndiyo roho ya uigaji wa kihistoria, na ndipo wengi wanapoteleza. Kila badiliko la siku iliyopita linazidishwa kwa mali uliyo nayo leo, wala si kwa mali uliyokuwa nayo siku ile. Hatuulizi mfuko ulipata hasara gani tarehe 16 Machi. Tunauliza mfuko wa leo ungepata hasara gani kama siku ile ingejirudia kesho. Mwenye hisa, hati fungani na fedha za kigeni kwa pamoja hufanya hivyo kwa kila mali kwa kutumia tarehe ileile, kisha hujumlisha. Kwa jinsi hiyo, namna mali hizo zilivyopanda na kushuka pamoja inabaki ndani ya takwimu bila yeye kuikadiria.

Hatua ya tatu ni kupanga matokeo kuanzia hasara kubwa kabisa. Kwa mwaka 2020 orodha inaanza hivi: asilimia 11.98 (16 Machi), 9.51 (12 Machi), 7.60 (9 Machi), 5.89 (11 Juni), 5.18 (18 Machi). Asilimia moja ya siku 253 ni siku 2.53, kwa hiyo tunachukua hasara ya tatu. VaR ya siku moja ni asilimia 7.60, yaani dola 76,000.

```
Kihistoria:  =-SMALL(C3:C255,3)
Kawaida:     =NORM.S.INV(0.99)*STDEV.S(C3:C255)
```

Hatua ya nne ni njia ya mtawanyiko wa kawaida, ile inayochukulia kwamba mabadiliko yote yanajipanga katika umbo la kengele. Mkengeuko sanifu wa mabadiliko ya mwaka ule ni takriban asilimia 2.2. Tukiuzidisha kwa 2.326, namba ya kengele hiyo kwa asilimia 99, tunapata kama asilimia 5.1, yaani dola 51,000 hivi. (Wastani wa siku nimeuacha kwa kuwa ni mdogo mno.) Takwimu ni zilezile, mfuko ni uleule, ila majibu yameachana kwa dola 25,000.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba njia ya kihistoria huwa kali zaidi daima. Rudia hesabu kwa asilimia 95. Hasara ya kumi na tatu katika orodha ni takriban asilimia 3.4, ilhali njia ya kawaida, kwa kuzidisha 2.2 kwa 1.645, inatoa 3.6. Hapa iliyo kali ni njia ya kawaida, ingawa kwa kadiri ndogo.

Sababu ni kwamba mkengeuko sanifu ni namba moja inayobebeshwa siku za aina mbili. Katika zaidi ya nusu ya siku za 2020, faharisi haikusogea hata asilimia moja, juu wala chini. Lakini kengele yenye mkengeuko wa 2.2 ingetarajia siku tulivu kama hizo ziwe theluthi moja tu. Siku chache za Machi ziliuvuta mkengeuko juu, nao ukawa mkubwa mno kwa siku za kati na mdogo mno kwa siku za mwisho wa mkia. Kwa kengele hiyo, anguko la asilimia 11.98 lingetokea mara moja katika mamilioni ya siku. Uigaji wa kihistoria hauchori kengele yoyote, bali unasoma orodha ilivyo.

Kusoma orodha ilivyo kuna gharama yake. Tarehe 21 Februari 2020, dirisha la siku 250, yaani siku 250 za mwisho tunazozisoma, lingeonyesha hasara kubwa tatu za asilimia 2.98, 2.93 na 2.59, zote za Agosti 2019. VaR ilikuwa 2.59. Siku ya soko iliyofuata, Jumatatu tarehe 24, soko lilianguka kwa 3.35; Jumanne likaanguka tena kwa 3.03, Alhamisi kwa 4.42. Njia hii haiwezi kukuonyesha hasara ambayo dirisha lake halijaiona. Hali hiyo inageuka mwaka mmoja baadaye: siku za Machi 2020 na ile ya 1 Aprili zilipotoka dirishani, hasara ya tatu ilishuka hadi 3.51 ndani ya wiki chache, ingawa si mfuko uliobadilika wala si soko lililotulia ghafla. Ukiona VaR imeporomoka hivyo, kagua kwanza ni tarehe zipi zimetoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimetumia PERCENTILE.INC kwa takwimu hizohizo nikapata 6.71 badala ya 7.60. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, ndugu yangu. Amri hiyo hukadiria nukta iliyo kati ya hasara ya tatu (7.60) na ya nne (5.89), wakati mimi nimechukua ya tatu yenyewe. Chagua kanuni moja, iandike, na usiibadilishe katikati ya mwaka. Lakini angalia pengo hilo vizuri: karibu dola 9,000 zimetokana na uchaguzi wa kanuni tu, kwa sababu kwa asilimia 99 jibu zima linategemea siku tatu au nne. Dirisha refu zaidi linapunguza tatizo hilo, ingawa linaingiza siku za zamani zisizofanana na za leo.

*Je, naweza kupata VaR ya siku kumi kwa kuzidisha ya siku moja kwa kipeuo cha pili cha kumi?*

Kanuni hiyo inahitaji mabadiliko ya siku moja yasitegemee ya siku nyingine, na mtikisiko uwe uleule kila siku. Kati ya tarehe 12 na 16 Machi 2020 soko lilishuka 9.51, likapanda 9.29, kisha likashuka 11.98, siku kubwa zilifuatana kwa mkupuo. Itumie kama makadirio, na useme wazi kuwa ni makadirio.

*Nina hisa za kampuni ndogo katika soko la Dar es Salaam, na zipo wiki ambazo hazinunuliwi kabisa. Nifanyeje?*

Siku zisizo na biashara zitaingia kwenye orodha yako kama sifuri, na VaR itashuka kwa njia zote mbili, ilhali hatari yako halisi ni kukosa mnunuzi. Hesabu kwanza sifuri ni ngapi. Zikiwa nyingi, tumia mabadiliko ya wiki badala ya siku, ukikubali kwamba utabaki na namba chache zaidi za kuzipanga.