Kupiga picha iliyo ndani ya fremu ya kioo bila mng'ao (hasa ile ambayo huwezi kuitoa kwenye fremu)

Wiki hii mama mmoja kaleta hapa studio Moshi fremu ya picha ya baba mkwe wake, mzee kasimama na suti nyeusi nje ya nyumba, picha ya zamani ya karatasi, anaitaka kwa ajili ya kitabu cha misa ya kumbukumbu. Kijana wake alishaipiga na simu nyumbani mara kibao, kila ukiangalia kwenye suti ya mzee unaona shati la aliyepiga na dirisha la nyuma yake. Nikaona niandike hatua zote maana hili swali naulizwa sana.

Hatua ya 1: Angalia kama picha inatoka. Kama inatoka kwenye fremu itoe, upige bila kioo, kazi imeisha. Ila kabla hujavuta, inamisha fremu kwenye mwanga uangalie kama kuna mabaka yanayong'aa kama yamelowa. Hayo ni mahali ambapo karatasi imegandana na kioo kwa unyevu wa miaka. Ukiona hayo TAFADHALI usivute, usiweke maji, usipitishe wembe, maana ile tabaka yenye picha yenyewe inabaki kwenye kioo na unabaki na karatasi nyeupe mkononi. Ya yule mama ilikuwa imegandia upande wote wa bega la kushoto, kwa hiyo tukapiga na kioo chake.

Hatua ya 2: Futa kioo. Kitambaa kikavu, vumbi lote litoke.

Hatua ya 3: Mwanga utoke pembeni, nyuma yako pawe na giza. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe, soma polepole.

Kioo cha kawaida kinarudisha kama asilimia 8 ya mwanga unaokifikia ukikitazama moja kwa moja, kama 4 uso wa mbele na 4 uso wa nyuma. Inaonekana kidogo, lakini suti nyeusi nayo inarudisha mwanga kidogo sana, kwa hiyo shati lako jeupe likipigwa na mwanga wa dirisha linaishinda suti. Ndiyo maana mng'ao unaonekana sehemu nyeusi za picha na kwenye anga jeupe huuoni. Na mwanga unaruka kwenye kioo kama mpira wa pool kwenye ukingo wa meza, unaondoka kwa pembe ileile ulioingilia. Ukisimama mbele ya picha kwa unyoofu, kioo kinakurudishia wewe mwenyewe na ukuta ulio nyuma yako, basi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nyuma yangu kuna nini?

Zima taa zote za chumba na flashi usiiguse kabisa. Fremu isimamishe ukutani au kwenye kiti, dirisha liwe pembeni yake, mwanga uifikie kwa mshazari ili ukiruka uelekee upande wa pili wa chumba na si kwenye lenzi. Dirisha likiwa nyuma yako umekwisha. Dirisha lisiingize jua la moja kwa moja, mwanga wa mawingu ndio mzuri, na asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu mlima ukiwa umejifunika unapata mwanga laini bila kuhangaika. Upande wa pili wa picha simamisha manila nyeupe ili upande ule usiwe na giza sana.

Halafu rudi nyuma. Watu wanapenda kusogea karibu, mimi nasema kaa mita 2 au zaidi na tumia lenzi ndefu (kwenye simu ile ya 2x au 3x kama unayo), maana ukiwa mbali eneo la chumba nyuma yako ambalo kioo kinaweza kukuonyesha linapungua. Lifunike kwa kitambaa cheusi kisichong'aa. Velveti ndiyo bora kuliko vyote, kaniki ya kukunja mara mbili inafaa, satini hapana hata kama ni nyeusi. Toboa tundu, lenzi ichungulie hapo, wewe na tripodi mbaki nyuma. Pete nyeupe za maandishi kwenye lenzi nazo zinaonekana, zibandike tepu nyeusi.

Kujua kama kamera imenyooka, weka kioo kidogo cha kujitazamia kilale bapa kwenye kioo cha fremu, katikati, ukiona lenzi yako katikati ya hicho kioo kwenye skrini, umenyooka. Kitoe, piga kwa taima, f/8, ISO 100.

Hatua ya 4: Polaraiza, na wakati gani haisaidii. Hapa watu wanapoteza nusu siku nzima. Wananunua hii filta ya kuzungusha mbele ya lenzi, inayokata mwanga wa mwelekeo mmoja, wanasimama mbele ya picha, wanazungusha na kuzungusha, mng'ao upo palepale, wanasema filta ni feki. Si feki. Mwanga unaoruka moja kwa moja kwenye kioo haujachujwa mwelekeo wowote kwa hiyo filta haina cha kukata. Inakata vizuri ukiwa kwenye mshazari wa kama digrii 55 kutoka mstari ulionyooka mbele ya kioo, yaani tayari umesogea pembeni sana. Ni nzuri kwa kabati la kioo dukani au dirisha la duka, ila kwa picha ya fremu utapata pembe nne zilizopinda na itabidi uinyooshe baadaye kwa Perspective ya Snapseed.

Kama unaishikilia kwa mkono mbele ya simu, upande wenye uzi wa kufungia ndio uelekee simu. Ukiigeuza unazungusha mpaka kesho, mng'ao hauondoki, rangi tu ndiyo inabadilika kidogo. Na kwenye basi la Arusha ukitaka kuupiga mlima, iache mfukoni, vioo vya pembeni vya magari vimeimarishwa kwa joto na filta inavitoa mabaka ya rangi rangi, bora usogeze lenzi karibu kabisa na kioo na uzibe pembeni kwa kiganja au jaketi.

Hatua ya 5: Kuedit. Ukungu mwepesi uliosambaa unaondoka, kwenye GIMP fungua Colors > Levels, sukuma mshale mweusi wa kushoto mpaka nyeusi irudi kuwa nyeusi. Doa kali lililoungua likawa jeupe kabisa halirudi, chini yake hamna kitu.

Kitambaa kikiwa kidogo kisitoshe, fanya hivi: kamera isiguswe, eksposha ileile, piga moja kitambaa kikiwa kushoto, nyingine kikiwa kulia. Kisha File > Open as Layers, chagua zote mbili, ya juu iwekee mode ya Darken only. Mng'ao kazi yake ni kuongeza mwanga tu, kwa hiyo kila sehemu programu inachukua ile yenye mng'ao mdogo. Sogeza kitambaa tu, taa na dirisha usivibadilishe, na kitambaa kisiizibie picha mwanga, la sivyo vivuli vya picha zote mbili vinaingia.

Kwa yule mzee nilifanya hivyo maana velveti yangu haikufika chini ya fremu. Vifungo vya koti vikaonekana vitatu, na mabaka ya pale begani yamebaki kidogo, nimeyaacha, kuyafuta ningekuwa naanza kumchora mimi.