Jinsi ya kumwandikia mwalimu barua ya kuomba mwongozo wa kudurusu

Barua nyingi ninazopokea kutoka kwa watahiniwa zinasema: "Mwalimu, mtihani wa taifa umekaribia, naomba unishauri nisomeje." Nitajibu nini zaidi ya "ongeza bidii"? Barua yenyewe haijanipa pa kuanzia.

Hatua ya 1: Chambua karatasi ya majaribio. Kabla hujaandika salamu, pitia kila alama uliyoikosa na uipange kwa sababu yake: mada huijui, uliijua ukakosea hesabu, au muda ulikwisha kabla hujaifikia. Kazi hii ndiyo ndefu kuliko zote, na usiiruke. Chukua mtahiniwa aliyepata 46 kati ya 100 katika Hisabati. Katika 54 alizokosa, 30 ni za vekta na trigonometria, 9 ni makosa ya hesabu, na 15 ni za maswali ambayo hakuyafikia. Hizo 15 haziponi kwa kusoma mada mpya; zinataka mazoezi ya kufanya karatasi kwa saa.

Hatua ya 2: Hesabu muda ulio nao kweli. Ukiwa na wiki 8, na saa moja ya Hisabati kwa siku 5 za wiki, una saa 40. Usiandike saa unazotamani kuwa nazo.

Hatua ya 3: Andika rasimu ya ratiba, hata kama ni mbovu. Kusahihisha ratiba ni kazi ya dakika chache. Kukutungia mpya ni kazi ambayo mwalimu ataiahirisha.

Hatua ya 4: Andika barua. Anwani, tarehe na kichwa viwe kama vya barua rasmi yoyote. Kiini kiwe hivi:

> Mpendwa Mwalimu,
>
> KUH: OMBI LA MWONGOZO WA KUDURUSU HISABATI
>
> Shikamoo, Mwalimu. Katika mtihani wa majaribio nilipata alama 46. Nilikosa 30 katika vekta na trigonometria, 9 kwa makosa ya hesabu, na 15 kwa kuishiwa muda. Nimebakiwa na wiki 8, saa 5 kila wiki. Nimepanga wiki 3 za vekta, 3 za trigonometria na 2 za karatasi nzima.
>
> Naomba unielekeze: mada ipi itangulie? Je, nisubiri hadi wiki ya 7 ndipo nianze karatasi nzima, au nianze mapema?
>
> Mwanafunzi wako mtiifu,

Maswali mawili yanatosha. Yakifika sita, mwalimu atajibu lile rahisi tu. Na usilundike masomo yote katika barua moja. Kila somo lina mwalimu wake.

Hatua ya 5: Ambatisha karatasi yenyewe. Weka na kurasa za njia ulizotumia, hata zilizokatwa kwa kalamu nyekundu. Mimi huangalia njia kabla ya alama, na mara nyingine naona kwamba shida ya vekta ilianzia kwenye aljebra, jambo ambalo mtahiniwa hakuliandika.