Ripoti ya mechi imejaa "dakika ya… dakika ya…"? Ibomoe uijenge upya

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika mechi za Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, ziwe za Ligi Kuu au za mkoa, na kila akimaliza ripoti yake inasomeka kama karatasi ya mwamuzi. Matukio yote yamo na dakika ni sahihi, lakini msomaji anaishia aya ya pili.

Nitatumia mechi ambayo wengi wetu tunaikumbuka: Kenya na Tanzania, AFCON, Cairo, tarehe 27 Juni 2019. Ripoti bapa ya mechi ile ingekuwa hivi:

"Dakika ya 6 Simon Msuva aliiandikia Taifa Stars bao la kwanza. Dakika ya 39 Michael Olunga aliisawazishia Kenya. Dakika ya 40 Mbwana Samatta alifunga la pili. Dakika ya 62 Johanna Omolo alisawazisha kwa kichwa. Dakika ya 80 Olunga alifunga la tatu. Hadi kipenga cha mwisho, Kenya 3, Tanzania 2."

Hakuna uongo hapo. Kasoro ni kwamba mabao yote matano yana uzito mmoja. Sasa nenda kijiwe cha kahawa pale Soko la Majengo umsikilize aliyeitazama. Haanzi na dakika ya 6. Anaanza na "tuliongoza mara mbili, bwana!"

Hatua ya 1: Daftari

Daftari la karatasi na kalamu mbili. Simu inaisha chaji, na ukiinama kuandika meseji bao linaingia.

Gawa ukurasa safu tatu: dakika, tukio, na mpira uko wapi. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaiacha. Kila baada ya dakika 5 andika herufi moja tu: N kama mpira umekaa zaidi nusu ya wenyeji, W kama umekaa nusu ya wageni. Mwisho wa mechi una herufi 18. Kazi yake utaiona hatua ya 3.

Hatua ya 2: Andika swali la mechi

Sentensi moja, kabla ya kuandika ripoti yenyewe. Mvutano unatokana na kitu ambacho mtu anaweza kukipoteza, kwa hiyo tafuta kitu hicho. Cairo kilikuwa wazi: timu zote mbili zilikuwa zimefungwa 2-0 mechi ya kwanza, Tanzania na Senegal, Kenya na Algeria. Stars ilikuwa imerudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Bao la Msuva lilipoingia mapema, swali likawa: je, Stars inaweza kulinda uongozi?

Ukishindwa kuliandika swali kwa sentensi moja, bado hujajua unaandika nini. Usiguse aya ya kwanza.

Hatua ya 3: Tafuta mgeuko mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokosea kwa sababu mkono unakimbilia bao la ushindi. Ukiliondoa bao la Olunga la dakika ya 80 matokeo yanakuwa 2-2, kwa hiyo linaonekana ndilo. Lakini bao la ushindi mara nyingi ni mavuno tu. Mbegu ilipandwa kabla.

Rudi kwenye swali lako uulize: ni wakati gani jibu lilibadilika, na halikurudi tena? Stars iliongoza kuanzia dakika ya 6 hadi ya 39, kisha kuanzia ya 40 hadi ya 62. Jumla ni kama dakika 55 mbele. Bao la kwanza la kusawazisha lilijibiwa ndani ya dakika moja. La pili halikujibiwa kabisa. Kwa hiyo mgeuko ni kichwa cha Omolo, dakika ya 62. Zile dakika 18 mpaka bao la Olunga ndizo zinazostahili nafasi kubwa kwenye ripoti, ingawa kwenye karatasi ya mabao ni tupu.

Ukishampata mtuhumiwa, mpime kwa daftari. Je, herufi zilibadilika baada yake? Ukiona W W W W kisha N N W N N, una ushahidi. Je, kocha alifanya kitu? Tazama aliyetoka na aliyeingia: mshambuliaji akitoka akaingia beki, benchi limekubali kurudi nyuma. Kama herufi hazikusogea na benchi halikusogea, huo si mgeuko hata kama jukwaa lilipiga kelele.

Kuna mitego. Kadi nyekundu si mgeuko moja kwa moja. Timu ya watu 10 ikijifunga vizuri nyuma, mechi inaweza kubaki vilevile, na daftari litakuonyesha. Suluhu ya 0-0 nayo ina mgeuko, mara nyingi mpira uliookolewa na kipa au mabadiliko yaliyoua kasi. Kichapo cha 5-0 hugeuka mapema sana, pengine bao la kwanza tu, na baada ya hapo usilazimishe mvutano. Mabao manne yaliyobaki yanatosha sentensi moja. Na zipo mechi zisizo na mgeuko. Ukikutana nayo, andika ripoti fupi.

Mtego mbaya kuliko yote ni kusoma mioyo ya watu. "Wachezaji walikata tamaa" umejuaje? Andika ulichoona: beki alibaki amekaa chini, kipa alichelewa kupiga goli kiki. La sivyo, uliza.

Na ukiuliza, usimuulize kocha "unaizungumziaje mechi?" Jibu unalijua: tumepambana, tumekubali matokeo, tunajipanga kwa mechi ijayo. Muulize kuhusu dakika yako: "Waliposawazisha ulimtoa namba 9. Ulikuwa unaona nini?" Hapo anaongea mpira.

Hatua ya 4: Aya ya kwanza

Matokeo yawe humo. Kuficha matokeo si mvutano, ni usumbufu. Msomaji ameshayaona kwenye simu. Anachotaka ni ilikuwaje.

"Taifa Stars iliongoza mara mbili usiku wa jana Cairo, na mara mbili ikashikwa. Mara ya kwanza ilijibu ndani ya dakika moja. Mara ya pili, kwa kichwa cha Johanna Omolo dakika ya 62, haikuwa na jibu, na dakika 18 baadaye Michael Olunga akaimaliza: Kenya 3, Tanzania 2."

Bao la Msuva halimo. Litakuja aya ya pili, likibeba swali. Aya ya tatu na ya nne ni za dakika ya 62 hadi 80, pamoja na kauli ya kocha.

Hatua ya 5: Kata

Kona isiyogusa swali, kata. Shuti lililopaa, kata. "Mtanange", "kucheka na nyavu" na "dakika za lala salama", kata bila huruma. Neno "dakika" lisizidi mara nne kwenye ripoti ya maneno 400. Kwingine sema "muda mfupi baada ya mapumziko".

Ulichokata kama ni bao au kadi kisipotee: kiweke chini kabisa kwenye mistari miwili ya kumbukumbu, mfungaji na dakika. Hakiki dakika hizo na kamisaa wa mechi kabla hajaondoka uwanjani, hasa mabao ya kugombaniana langoni, maana jina la mfungaji hapo hukosewa kuliko kitu kingine chochote.